Wosia Haufiki Kila Pesa: Mafao ya Pensheni Baada ya Kifo na Mwenye Kauli Juu Yake

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)





Usiku wa leo hatukuja kufundisha mafungu ya mirathi. Hayo mmeyasoma kwa masheikh wenu, na wengi wenu mnajua kwamba marehemu huzikwa, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wosia wake usiozidi thuluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi. Tumekuja kuzungumzia fungu moja la pesa ambalo, kwa sheria ya nchi yetu ya Kenya, halipiti katika njia hiyo hata kidogo. Nalo ni mafao yanayolipwa na mfuko wa pensheni wa kazini pale mwanachama anapofariki kabla ya kustaafu. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizo huwa ndizo pesa nyingi kuliko zote alizoziacha, na ndizo ambazo familia huzijua kidogo kuliko zote.

Tuanze na kisa kilichotufanya tuliseme jambo hili. Ni cha familia tuliyokaa nayo sisi wenyewe. Tumebadilisha jina na baadhi ya mambo ili kuwasitiri wenyewe. Marehemu tumwite Zaid.

Zaid aliajiriwa mwaka 2004 akiwa kijana asiye na mke. Siku ya kwanza kazini alipewa karatasi nyingi atie saini, na moja katika hizo ilikuwa fomu ya kumtaja mtu atakayelipwa mafao yake akifa. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado shuleni. Zaid akaandika jina la mdogo wake, asilimia mia moja. Fomu ikawekwa katika jalada, naye akaisahau.

Baadaye alioa. Allah akamruzuku binti mmoja na wavulana wawili. Alikuwa mtu wa dini na mwenye kujali, na mwaka 2016 aliandika wosia mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Alisema kwamba thuluthi ya mali yake yote, pamoja na pesa zake za kazini, ipewe madrasa ya mtaa, na kinachobaki kigawiwe kwa sharia. Alitaja pia deni la shilingi 600,000 alilokopeshwa na rafiki yake wa biashara. Zaid alifariki mwaka 2019. Aliacha mama yake, mjane wake, watoto watatu, shilingi 180,000 benki, na shilingi 2,400,000 katika mfuko wa pensheni.

Baada ya eda, mjane akaenda na wosia kwa mwajiri, akidhani mambo yamekwisha. Akaambiwa kwa adabu kwamba wosia ule haugusi pesa za mfuko. Mdogo wa marehemu naye akaja na habari ya fomu ya mwaka 2004, akidai kwamba yeye ndiye mwenye haki ya zote. Naye akaambiwa asubiri, kwa kuwa fomu ile peke yake haimalizi neno. Hapo ndipo familia ilipotujia ikiwa imegawanyika pande mbili, na kila upande ukiona umedhulumiwa.

Je, ni nani aliyekuwa na kauli juu ya pesa zile? Jibu limo katika Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, kifungu cha 36A. Kifungu hicho kinasema kwa maana yake kwamba mwanachama wa mfuko akifariki, mafao yanayotoka katika mfuko hayahesabiwi kuwa sehemu ya mali aliyoiacha kwa ajili ya usimamizi wa mirathi, bali wadhamini wa mfuko watayalipa kwa mujibu wa kanuni za mfuko. Tena kifungu kinatanguliza kwamba ndivyo itakavyokuwa hata kama sheria nyingine yoyote imesema vinginevyo.

Tuyapime maneno hayo taratibu, maana kila moja lina uzito wake. Kwanza, mafao si sehemu ya mali ya usimamizi. Wosia ni amri ya mtu juu ya mali yake. Ikiwa sheria imeitoa pesa katika mali yake, basi wosia hauna pa kuishika, hata ukiitaja kwa jina. Ndiyo maana msimamizi wa mirathi hawezi kuidai kwa hati ya usimamizi, na ndiyo maana Kadhi, ambaye Katiba ya mwaka 2010 imempa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake, hupewa orodha ya mali ambayo pesa hizi hazimo.

Pili, wanaolipa ni wadhamini. Mfuko wa pensheni wa kazini ni amana. Kila mwezi mshahara unapokatwa na mwajiri akaongeza cha kwake, pesa ile haiendi katika akaunti ya mfanyakazi. Inaingia katika mfuko ulio mikononi mwa wadhamini, wenye wajibu wa kuitunza na kuilipa katika nyakati zilizowekwa. Alichonacho mfanyakazi akiwa hai ni haki ya kulipwa wakati ukifika. Akifa kabla ya wakati huo, wajibu wa wadhamini unageukia wale aliowaacha.

Tatu, kwa mujibu wa kanuni za mfuko. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Sheria haikusema kwamba mjane apate kiasi fulani na mama kiasi fulani. Imeziachia kanuni za mfuko wenyewe, na kanuni hizo hazifanani. Katika baadhi ya mifuko jina lililoandikwa katika fomu hupewa nguvu kubwa sana. Katika mingine fomu ni mwongozo wa matakwa ya marehemu, na wadhamini wanaweza kuiacha wakiona kwamba kuna wategemezi ambao kuwanyima ni kuwatupa. Na pale ambapo hakuna fomu kabisa, wadhamini hupima wenyewe miongoni mwa wategemezi wa marehemu. Kwa hiyo mtu akituuliza, "Nani atapata?", hatuwezi kumjibu mpaka tuzione kanuni za mfuko wake.

Kwa nini sheria ikafanya hivi? Sababu zake zinaeleweka. Usimamizi wa mirathi huchukua muda mrefu mahakamani, na watoto hawawezi kungoja wakati karo inadaiwa. Tena mali ya mirathi hutangulia kulipa wadai, na watunga sheria walitaka akiba ya uzeeni iwalinde waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu kabla haijafikiwa na mwingine. Lengo la pesa hizi, kwa mtazamo wa sheria, ni kuziba pengo la mshahara uliokatika. Ndiyo maana wadhamini huuliza zaidi nani alikuwa akitegemea, na huuliza kidogo nani ni mrithi.

Turudi kwa Zaid. Tuliishauri familia iombe nakala ya kanuni za mfuko, nayo ikapewa. Kanuni zilisema kwamba wadhamini watazingatia fomu ya uteuzi lakini hawafungwi nayo. Basi wadhamini wakafanya uchunguzi. Walitaka cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho, na barua ya chifu. Familia ikaongeza barua ya Kadhi yenye orodha ya warithi. Ifahamike kwamba barua ile haikuwa amri kwa wadhamini, ilikuwa ushahidi wa nani ni nani katika familia. Kisha wakamuuliza kila mmoja: ulikuwa ukiishi wapi, ukilipiwa nini, una kipato gani, una umri gani?

Ikadhihirika kwamba mdogo wa marehemu, aliyekuwa mwanafunzi mwaka 2004, sasa ni mtu mzima mwenye duka lake, na kwa miaka mingi hakuwa akipokea chochote. Mama alikuwa akitumiwa pesa kila mwezi. Mjane hakuwa na kazi. Binti alikuwa na miaka 14, mvulana wa kwanza miaka 9, na wa mwisho miaka 5.

Wadhamini wakaamua hivi. Mama apewe shilingi 400,000. Mjane apewe 600,000. Watoto watengewe 1,400,000, ikiwa ni 360,000 kwa binti, 460,000 kwa mvulana wa kwanza, na 580,000 kwa mdogo, kwa hoja kwamba aliye mdogo ana miaka mingi zaidi ya kulelewa na kusomeshwa. Pesa za watoto hazikutolewa taslimu. Ziliwekwa katika amana maalumu, zikawa zinalipa karo na matunzo. Ndugu hakupata kitu, na madrasa haikupata kitu kutoka katika mfuko.

Sasa tulinganishe na mafungu ya mirathi, ili muone tofauti kwa macho. Lau shilingi 2,400,000 zingegawiwa kwa faraidh, mama angepata sudusi, yaani 400,000. Mjane angepata thumuni, yaani 300,000. Zilizobaki ni 1,700,000, ambapo kila mwana wa kiume angepata 680,000 na binti 340,000. Ndugu asingepata chochote, kwa kuwa amezuiwa na kuwepo kwa wana wa kiume. Kwa hivyo fungu la mama lilikutana na faraidh kwa bahati tu, na mafungu mengine yote yalikwenda kwa hesabu nyingine. Wadhamini hawakukosea kwa sheria inayowaongoza. Walikuwa wakijibu swali jingine, si swali analoulizwa Kadhi.

Hapa bila shaka mtauliza: je, mbele ya Allah pesa hizi ni mirathi au si mirathi? Wanazuoni wa zama zetu hawakukubaliana kwa kauli moja, na sababu ya kutofautiana kwao iko wazi. Kile kilichokatwa katika mshahara wa marehemu kinafanana na mali aliyoichuma. Kile kinachotolewa na mwajiri au na bima kwa sababu ya kifo chake kinafanana zaidi na tunu kwa waliobaki. Nchini Malesia, Baraza la Taifa la Fatwa liliamua mwaka 1973 kwamba mtu aliyetajwa kupokea akiba ya mfuko wa wafanyakazi ni wasii tu, anayepokea kwa niaba ya warithi na kuwagawia kwa faraidh. Sheria ya Kenya haimlazimishi mpokeaji kufanya hivyo. Lakini isipomlazimisha haina maana kwamba inamkataza. Mtu mzima akishalipwa fungu lake, ni mali yake, na akitaka kulirekebisha kwa ridhaa yake pamoja na wenzake baada ya kumuuliza Kadhi au mwanazuoni anayemwamini, hakuna wadhamini watakaomzuia. Mipaka ni kwa pesa za watoto wadogo. Hizo hakuna mama wala ami mwenye haki ya kuzisamehe kwa niaba yao.

Lililoitia familia ya Zaid simanzi zaidi ni deni. Kumbukeni kwamba nje ya mfuko marehemu aliacha shilingi 180,000 tu, na deni lilikuwa 600,000. Pesa za benki zilikuwa mali ya mirathi, kwa hiyo zote zikaenda kwa mdai. Zikabaki 420,000 zisizo na pa kutoka. Na kwa kuwa baada ya deni hakukubaki kitu katika mali ya mirathi, thuluthi ya madrasa ikawa thuluthi ya sifuri. Kisheria mdai hakuweza kuwafuata wadhamini, wala kumdai mjane kwa pesa alizopewa na mfuko. Lakini mama yake Zaid alisema mbele yetu, "Mwanangu hatabaki na deni shingoni na mimi nina uwezo." Akatoa 120,000, na mjane akatoa 300,000, kwa hiari yao wenyewe na baada ya kushauriana. Deni likalipwa lote. Pesa za watoto hazikuguswa.

Na mdogo wa marehemu? Alikusudia kupinga, na tulimweleza njia yake, maana njia ipo na kila mtu aijue. Kwanza huandikwa malalamiko kwa wadhamini wenyewe, kuomba sababu za uamuzi wao. Asiyeridhika huweza kumwandikia Afisa Mkuu wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu ili auangalie upya uamuzi huo. Asiyeridhika na jibu la Mamlaka hukata rufaa katika Baraza la Rufaa la Mafao ya Kustaafu ndani ya siku 30 tangu apokee jibu. Lakini swali linaloulizwa huko ni kama wadhamini walifuata sheria na kanuni za mfuko, yaani walichunguza kweli, au walimsahau mtegemezi, au walifuata fomu kwa upofu. Haliulizwi swali la wosia ulisema nini. Kijana yule aliposoma kanuni na kuona kwamba fomu ilikuwa mwongozo tu, akaliacha shauri lake.

Ndugu zetu, kisa hiki kilikwenda vizuri kwa kuwa watu wake walikuwa wapole na karatasi zao zilikuwa kamili. Tumeona vingine visivyokwenda hivyo. Tumeona fomu yenye jina la mke aliyeachwa miaka mingi iliyopita, na mke wa sasa hatajwi popote. Tumeona mke wa pili aliyeolewa kwa nikahi sahihi lakini ndoa haikusajiliwa, na mume hakumtaja kazini. Wadhamini hawawezi kumpima mtu wasiyejua kwamba yupo. Yeye na watoto wake walijitokeza pesa zikiwa zimekwishalipwa, na kuzirudisha mikononi mwa walioshazitumia ni kazi ngumu mno. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa za Kiislamu nazo zinatakiwa kusajiliwa. Anayechelewesha jambo hili anamwachia mjane wake mzigo wa kuthibitisha nikahi wakati mwenye kuithibitisha ameshaingia kaburini.

Lazima pia tuseme mipaka ya haya tuliyoyaeleza, ili mtu asiyapeleke pasipostahili. Kifungu cha 36A kinahusu kinacholipwa na mfuko wakati wa kifo. Aliyekwisha kustaafu akalipwa mkupuo wake, pesa ile ikaingia benki, hiyo sasa ni mali yake kama mali nyingine, na akifa ni mirathi, na wosia unaifikia. Vivyo hivyo mshahara wa mwezi ambao marehemu aliufanyia kazi na hakulipwa. Aidha NSSF na pensheni za zamani za watumishi wa serikali zina sheria zao maalumu zinazotaja wanaolipwa, na haifai kuzihukumu kwa kanuni za mfuko wa kampuni. Basi kila pesa iulizwe: siku ya kifo ilikuwa mikononi mwa nani, na iliwekwa kwa sheria gani?

Mwenye kufanya kazi katika sisi, na afanye mambo mawili kabla mwezi huu haujaisha. Aende ofisini aombe kuiona fomu yake ya uteuzi na kanuni za mfuko zinazosema fomu hiyo ina nguvu gani. Akikuta jina la zamani, aandike upya na abaki na nakala iliyogongwa muhuri, na afanye hivyo kila anapooa, anapopata mtoto, anapotaliki au anapofiwa na aliyemtaja. Kisha aambatanishe barua fupi yenye majina ya wake zake wote, watoto wake wote, wazazi wake na yeyote anayemlisha, pamoja na matakwa yake kama anataka mgao ufuate faraidh. Barua hiyo haiwafungi wadhamini, lakini inawafumbua macho. Na mwenye deni asitegemee pesa za mfuko kulilipa. Atenge kitu kingine, au alipe angali hai.

Wosia wa Zaid uliandikwa vizuri na ulishuhudiwa vizuri. Ulikosa jambo moja tu, nalo ni kujua kwamba pesa alizozitaja hazikuwa zake kuziusia. Fomu ya dakika tano aliyoijaza akiwa kijana, na ambayo angeweza kuibadilisha siku yoyote katika miaka 15 ya kazi yake, ndiyo iliyokuwa sauti yake mbele ya wadhamini, na sauti hiyo ilizungumza habari za mtu ambaye hakuwa tena yeye.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, awalee mayatima wetu kwa kheri, na atujaalie tuache nyuma yetu mambo yaliyonyooka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.